Si pete, si moyo: nimpe nini siku yake ya kuzaliwa?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa Bombo, fundi umeme, kazi zangu nyingi ziko Kampala. Tangu mwaka huu uanze nina mpenzi, muuguzi, na mwezi ujao ni siku yake ya kuzaliwa. Bado tunajuana. Sijafika kwao na yeye hajafika kwetu. Nataka kumpa kitu cha kuvaa akifurahie, ila kisije kikasema maneno ambayo mimi mwenyewe sijayasema.

Pete nimeiondoa mapema. Anaishi na mama yake, na kwa Waganda pete ikionekana kidoleni swali linalofuata ni siku ya kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mwanamume kwa wazazi wa binti. Nasi Wanubi tuna yetu: mwanamume akitoa dhahabu, wazee wanaanza kupiga hesabu ya mahari. Kwa hiyo nimeamua kununua fedha, na bajeti yangu ni laki moja na nusu.

Shida imeanzia dukani. Karibu kila kidani nilichoshika kina jambo lake: moyo wenye kufuli, herufi mbili zilizounganishwa, nusu mbili za moyo ili kila mmoja avae yake. Muuza duka akaniletea na shanga za kiunoni, eti wasichana wanazipenda. Shangazi, wewe unajua shanga hizo ni mambo ya chumbani na ni kazi ya masenga, mashangazi wanaomfunda binti, si zawadi ya mtu ambaye bado anakuja kukusalimia barabarani. Kikuku cha mguuni nacho nimekiacha, maana watu hawaishi kukisemea.

Bangili ingefaa, ila kazini haruhusiwi kuvaa kitu chochote mkononi, sababu anaosha mikono siku nzima. Tena bangili ngumu inataka kipimo cha kiganja, si cha kifundo, na kumpima bila yeye kujua siwezi.

Zimebaki hereni na mkufu.

Hereni nimeona ndogo za duara, zile za kubana sikioni zisizoning'inia. Masikio yake yametobolewa na hereni za aina hiyo ndizo anazovaa kila siku. Lakini aliwahi kuniambia kwamba hereni za bei rahisi humwasha, baada ya siku mbili tundu linakuwa jekundu na kutoa majimaji. Nilipomweleza sonara mmoja ninayemwamini, akasema dalili hizo mara nyingi ni za nikeli. Akanionya pia juu ya ile inayoitwa fedha ya Kijerumani: haina fedha hata chembe, ni shaba, zinki na nikeli hiyo hiyo. Niliporudi dukani nikaambiwa, "Hii ni fedha, kaka, tazama inavyong'aa!" Nikaigeuza, sikuona alama ya 925 popote. Alama hiyo maana yake ni sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000. Sonara alisema alama yenyewe inaweza kughushiwa, na sumaku itakukamatia chuma tu, kwani shaba haivutwi kama vile fedha isivyovutwa. Yeye hutazama kwenye kifungo na nyuma ya hereni, mahali panaposuguana, maana kitu cha kuchovya huanza kuchubuka hapo na rangi ya njano ikatokeza.

Kwake nimepata hereni za 925 zisizo na nakshi, na mkufu mwembamba wa sentimita 45 unaoshuka kidogo chini ya mfupa wa shingo, na kidani cha jani. Bei zinakaribiana. Mkufu unaweza kukaa ndani ya sare bila mtu kuuona. Dada yangu anataka nichukue hereni, anasema mkufu ni lazima nimfunge shingoni mwenyewe na hapo mambo yatakuwa mazito. Rafiki yangu anazicheka hereni, anaona ni zawadi ya kumpa binamu.

Na kuna hili la kiboksi, ambalo linanisumbua kuliko bei. Hereni zinatoka katika kiboksi kidogo cha mraba chenye mahameli ndani, sawasawa na cha pete. Nikikitoa mfukoni tukiwa mezani, kabla hajakifungua moyo wake utakuwa umeshafika mbali, na akikuta hereni huenda akavunjika moyo kwa kitu ambacho sikukusudia kabisa. Nimemwomba sonara kimfuko cha kitambaa, naye anashangaa nakataa kiboksi cha bure.

Naomba unishauri, Shangazi: hereni au mkufu? Na je, nimpe tukiwa wawili tu, au mbele ya wenzake wa kazini ambao wameandaa keki, ili ionekane ni zawadi ya kawaida?

Fundi wa Bombo