Malalamiko: Transfoma yetu imerudishwa na maji kwenye karatasi

Kiwanda cha Kubangua Korosho,
Mtwara.

Kwa Meneja wa Karakana ya Transfoma,

Yah: Transfoma ya kVA 500, 33/0.4 kV, iliyorudishwa bila kukaushwa

Ndugu Meneja,

Transfoma yetu mliirudisha na cheti kinachosema imekauka, kwa kuwa mafuta yalihimili kV 58 kwenye mwanya wa milimita 2.5. Baada ya wiki chache za mzigo wa msimu wa korosho, sampuli mpya imeshindwa kwenye kV 27. Tangi halivuji, na silika jeli bado haijabadilika rangi. Maji hayo hayakuingia huku kwetu. Ripoti yenu wenyewe inaonyesha yalipokuwa: kipande cha karatasi mlichokata kwenye koili kilikuwa na unyevu wa asilimia 3.

Hesabu yake ni hii. Transfoma hii ina takriban kilo 40 za karatasi na kadibodi ya kuhami umeme, na asilimia 3 ya hizo ni kilo 1.2 za maji. Mafuta yake ni kilo 400 hivi. Hata yakiwa na sehemu 40 za maji kwa milioni, hizo ni gramu 16 tu. Ninyi mlichuja mafuta, mkaondoa hizo gramu, mkapima sampuli kabla karatasi haijapata nafasi ya kuyalowesha tena.

Koili zikipata moto, karatasi huachia maji kwenye mafuta. Kwa nyuzi 60 mafuta hubeba zaidi ya sehemu 200 za maji kwa milioni bila shida, lakini kwa nyuzi 20 hushiba kwenye 55 hivi. Tunapozima mashine usiku mafuta hupoa haraka, ilhali maji hurudi kwenye karatasi polepole mno. Mafuta hukaribia kushiba, na hapo ndipo uwezo wa kuhimili volteji unapoporomoka. Ninachohofia zaidi ni mzigo kupita kiasi: karatasi yenye maji ikipata joto kali hutoa mapovu ya mvuke katikati ya koili, na umeme hupasua njia humo. Hatari hiyo haionekani kwenye sampuli ya mafuta.

Kuchuja tena sitakubali. Tangi letu ni la mapezi ya bati jembamba, halitahimili ombwe kamili, kwa hiyo kiini na koili zitolewe ziwekwe kwenye tanuri la ombwe. Zipashwe hadi nyuzi 100 hivi kwanza, ndipo ombwe livutwe chini ya milibari 1, kwa sababu karatasi baridi haiachii maji. Pimeni maji yanayokusanyika kwenye mtego wa baridi na msisimamishe kazi hadi yawe karibu yamekwisha. Mafuta yaliyoondolewa hewa na maji yajazwe chini ya ombwe humo humo tanurini, kabla karatasi haijavuta hewa ya pwani.

Nataka kipande kipya cha karatasi kipimwe kabla ya kujaza mafuta, kiwe chini ya asilimia 1, na mafuta yapimwe tena baada ya mwezi wa mzigo. Gharama zote ni zenu, pamoja na usafiri wa kwenda na kurudi. Naomba jibu la maandishi lenye tarehe ya kuja kuichukua.

Wenu,
Fundi Mkuu wa Umeme