Vifurushi vya basi vipimwe uzito kabla bodaboda hajavipokea

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi simu hapa Mlalo, wilayani Lushoto. Vioo vya simu naagiza Kariakoo, vinakuja kwa basi hadi stendi ya Lushoto, kisha bodaboda ananiletea huku juu. Mwezi uliopita niliagiza vioo 20, vikanifikia 15. Ofisi ya basi walisema boksi lilitoka kwao likiwa zima. Kijana wa boda naye akaapa kwamba alilipokea hivyohivyo. Gluutepu ilikuwa mpya, na hakuna aliyeweza kuonyesha ilibadilishwa wapi. Risiti ya basi inaishia stendi, na kutoka hapo mzigo hauna karatasi yoyote.

Tangu siku hiyo namwomba muuzaji apime boksi akishalifunga, aandike uzito kwa makapeni juu ya gluutepu, mwandiko uvuke hadi kwenye karatasi ya boksi, kisha anitumie picha. Mzigo wa juzi uliandikwa kilo 3.4. Boda akifika stendi anaupima kwenye mizani ya muuza viazi kabla hajasaini kupokea, nami naupima tena dukani. Kioo kimoja na kiboksi chake ni kama gramu 100, kwa hiyo vitano vikitoka, mizani itasoma 2.9. Hapo tunajua vimepotelea mkononi mwa nani. Boksi lazima livikwe nailoni, maana likilowa linaongeza uzito na kuficha wizi.

Mizani haionyeshi kilichopasuka. Vioo vilivyolazwa bapa vikafungwa kwa mpira juu ya keria vinakandamizwa kila pikipiki inapoingia shimoni. Sasa vinasimamishwa wima ndani ya ndoo tupu ya rangi yenye mfuniko, vikibanwa na vitambaa pande zote.

Gharama nayo ilinisumbua. Boda wa peke yangu ni shilingi 12,000, wakati kwa basi, safari nzima kutoka Dar, nalipa 5,000. Tumekubaliana watu watatu, mimi, mwenye duka la dawa za mifugo na fundi cherehani, kuchukua mizigo Jumanne na Ijumaa tu, kila mmoja anatoa 4,000. Kijana tunampa nusu mapema, hela ya mafuta, na nusu mzigo ukishapimwa dukani. Asiyeweza kusubiri hadi siku hiyo analipa safari yake.

Wenzangu wengi wanaficha thamani ya mzigo ili wasitozwe zaidi. Nilifanya hivyo kwa vile vioo 20, na ofisi ilinijibu kwamba risiti yangu imeandikwa "boksi 1" tu. Sikuwa na la kudai.

Ombi langu kwa ofisi za vifurushi za mabasi: wekeni mizani dirishani, na kwenye daftari la kutolea mizigo andikeni uzito, namba ya pikipiki na simu ya anayechukua. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ndiyo inayotoa leseni za kusafirisha vifurushi. Naiomba ilifanye jambo hili kuwa sharti.

Fundi simu,
Mlalo, Lushoto