Bajeti ya Krismasi huku Mbeya isisahau mkaa

Ndugu Mhariri,

Krismasi iliyopita tulikutana watu 32 nyumbani kwetu Uyole, na kilichotuumbua si nyama wala mchele, ni mkaa. Naomba nafasi nieleze, maana familia nyingi za huku hupanga sikukuu kama tulivyopanga sisi.

Chakula tulikipigia hesabu vizuri. Watoto wawili tuliwahesabu kama mtu mzima mmoja, hivyo wakubwa 20 na watoto 12 wakawa sahani 26. Pilau ya sikukuu hutaka kama gramu 200 za mchele kwa sahani, yaani kilo 5 na kidogo. Tukapima 6 za Kyela, kwa ajili ya jirani atakayepita. Nyama yenye mifupa tuliweka robo kilo kwa sahani. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hutoa kama kilo 11, kwa hiyo mmoja alitosha pilau na supu ya asubuhi. Mwaka wa nyuma tulichinja wawili, nyingine ikaharibika. Viungo tulinunua vizima, bizari, iliki na mdalasini, tukatwanga wenyewe siku hiyo hiyo.

Lakini nguo za watoto tulizitanguliza. Wiki ya mwisho Mwanjelwa bei zilikuwa zimepanda, mkaa ukapata kilichobaki: debe moja na nusu. Wifi yangu wa Dar es Salaam akatutoa hofu, "Linatosha, kwetu napikia watu zaidi ya hawa."

Kwao ni kweli. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Nyama inachelewa kuiva, na ukiongeza moto maji yanakauka tu, joto lake halipandi. Saa nane mchana wifi alichoma mnofu kwa uma, uma ukagoma. Mkaa ukaisha. Dukani ulibaki wa makopo, tena umenyeshewa: unafuka moshi na moto wake unaanza kwa kukausha maji yake wenyewe. Watoto walikula saa kumi na moja, wamevaa nguo mpya, wengine wameshasinzia.

Mkaa mkavu ukigonganisha vipande viwili hulia kama kigae. Uliolowa hutoa sauti nzito. Mwaka huu tutanunua gunia Oktoba, kabla ya mvua, tuliweke ndani juu ya matofali. Nyama tutaichemsha jioni ya tarehe 24 kwa presha kuka, kwa mikupuo, kwa sababu mvuke uliobanwa ndani hupandisha joto kupita hizo nyuzi 94. Asubuhi tutaichemsha tena, na supu yake ndiyo itakayopikia mchele.

Nguo zitanunuliwa gunia likishaingia ndani. Wifi naye amekubali.

Mama wa watoto wanne,
Uyole, Mbeya