Duma hasimami kwa sababu amechemka

Mhariri,

Makala yenu kuhusu duma wa Serengeti ilinifurahisha, isipokuwa pale iliposema kwamba hukatisha mbio kwa sababu mwili umechemka. Hata sisi waongoza watalii tumezoea kuwaambia wageni hivyo. Chanzo chake ni jaribio lililochapishwa 1973, la duma waliokimbizwa kwenye mashine ya mazoezi, wakagoma joto la mwili lilipokaribia nyuzi 40.5. Porini hali ni nyingine. Mwaka 2013 watafiti waliopandikiza vipimajoto kwenye miili ya duma wa Namibia walieleza kuwa wakati wa kufukuza, joto halikupanda. Lilipanda baadaye, na zaidi kwa yule aliyefanikiwa kukamata, ingawa aliyekosa naye alikuwa amekimbia vilevile. Maelezo yao ni kwamba mwenye nyama huingiwa na wasiwasi wa kuporwa.

Kinachomchosha ni misuli yenyewe. Imejaa nyuzi zinazojikaza upesi kwa kuunguza sukari bila kungoja oksijeni ya kutosha, na akiba hiyo haidumu. Duma waliovishwa kola za kupima mwendo huko Botswana walikimbia wastani wa mita 173 tu kwa kila windo. Kasi ya juu kabisa ilikuwa kilomita 93 kwa saa, na mara nyingi waliwinda kwa mwendo wa chini sana ya huo.

Mwendo huo hutoka mgongoni. Uti wa mgongo hujikunja mpaka miguu ya nyuma inatua mbele ya ile ya mbele, kisha hufyatuka na kumrusha. Hatua moja kamili hufika kama mita saba, na ndani yake miguu yote minne huwa hewani mara mbili. Lakini swala tomi hakimbii moja kwa moja, hukata kona, na hapo ndipo windo huamuliwa. Makucha ya duma hayana ala ya ngozi kama ya chui, hivyo hubaki nje yakiwa butu na kung'ata ardhi kama njumu. Ukucha mmoja tu, ule wa ndani ya mguu wa mbele, hubaki mkali, naye huutumia kumkwatua swala. Mkia mrefu huurusha upande kwa ghafla ili mwili usipinduke anapogeuka.

Akishaua, huhema kwa muda kabla ya kula, akiangaza huku na huku. Fisi mmoja anatosha kumnyang'anya, maana duma hathubutu kupigana: akiumia mguu, hawindi tena. Basi magari yanayosogea wakati huo kutafuta picha yanamzuia kuona anayekuja, na vumbi na kelele zake humwonyesha fisi mahali pa kwenda. Naomba toleo lijalo lilitaje hilo.

Mwongoza watalii,
Arusha