Umeme wa waya mmoja: athi kwanza

Mhariri, asalam aleikum. Huku kwetu Micheweni barazani siku hizi watu wanausifia umeme wa waya mmoja, ule unaorudi kwa kupitia ardhini. Rahisi kweli, lakini mie nimefanya kazi za laini na wasiwasi wangu ni athi, yaani zile nondo za kopa zinazopigwa chini kuiunga laini na ardhi. Transfoma ya kutenga inaitenga laini hii na gridi ili mkondo wa ardhini uzunguke humu humu, sasa huo mkondo wote unapita kwenye nondo za kopa. Chukua transfoma ya kijijini ya kVA 25 kwenye volti 19,100, ikijaa mzigo ni ampea 1.3 tu, athi ikiwa om 5 pale kwenye nondo panapanda volti 6 na kitu, hata mbuzi hajui. Lakini huku maweni udongo kiganja kimoja kisha jiwe, kiangazi athi ikifika om 60 unapata volti 78, ng'ombe ndio wa kwanza kukataa kusogelea nguzo. Na mwizi akikata ile kopa, ncha ya juu inabeba volti za laini nzima! Basi athi ipimwe kiangazi si masika, tena ya laini isichanganywe na ya majumbani. Na mashine ya kusaga ya fezi tatu msiitegemee hapo, maana waya mmoja ni fezi moja.

Fundi mstaafu, Micheweni, Pemba