Barua kwa Neema kuhusu safari ya miezi minne

Uyole, Mbeya
9 Februari

Mpendwa rafiki yangu Neema,

Kamwene. Barua yako niliipokea Jumatano, nikaisoma mara mbili, na ule mchoro wa njia ulioukunja ndani yake bado uko mezani kwangu. Nimefurahi kusikia kwamba shule imekukubalia likizo bila malipo kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba, na kwamba umeweka akiba ya shilingi 3,600,000 kwa ajili hiyo. Uliniomba nikosoe mpango wako bila kukuonea haya, nami nitafanya hivyo, kwa kuwa mwaka ule nilipozunguka Malawi na Zambia sikuwa na mtu wa kunikosoa.

Mchoro wako una miji minane ndani ya miezi minne, yaani wiki mbili kila mji, na kwenye karatasi unaonekana wa polepole. Kwa hesabu ya fedha si wa polepole hata kidogo. Katika nyumba za wageni nilizokaa mimi, bei ya usiku mmoja ilikuwa kama shilingi 15,000 kwa fedha zetu, ila mwenye nyumba akijua kwamba unakaa mwezi mzima, nawe umelipa mwezi huo mkononi, anashuka hadi 220,000 hivi. Usiku kumi na nne kwa bei ya usiku ni 210,000. Maana yake ni kwamba wiki zako mbili zinakugharimu karibu sawa na mwezi wangu mmoja, na kwa wiki mbili hakuna mwenye nyumba atakayekubali kukupunguzia au kukuruhusu utumie jiko lake.

Zaidi ya hapo, siku ya kuhama ina gharama zake. Niliziandika kwenye daftari: nauli kama 40,000, chakula cha njiani 10,000, na usiku wa kwanza mahali popote panapopatikana giza likiingia, 25,000. Jumla 75,000. Siku ya kukaa, nikigawanya kodi ya mwezi, nikaongeza chakula cha kupika mwenyewe cha 6,000 na vocha na vitu vidogo vidogo vya 3,000, haikuzidi 16,500. Kila mara ulipochora mshale kwenye karatasi yako, umetumia fedha za siku nne au tano za kukaa. Kwa hiyo bajeti ya mwezi usiianze na chakula, kama ulivyofanya. Anza kwa kuhesabu mihamo.

Mimi ningefanya hivi. Kabla ya kugawa chochote, toa 400,000 uziweke kwenye akaunti ambayo kadi yake utamwachia dada yako. Hizo ni za kurudi nyumbani ukiugua au ukiibiwa. Zinabaki 3,200,000, ambazo ni 800,000 kwa kila mwezi. Ndani ya kila mwezi tenga 150,000 za kuhama, hata kama mwezi huo huhami, kisha uishi kwa zilizosalia. Mwezi usiohama, zile 150,000 zinasubiri mwezi utakaohama mara mbili. Usizile kwa kuwa tu zimebaki. Mimi nilizila mwezi wa pili, na mwezi wa tatu nikasafiri kutoka Lilongwe nikiwa nimekalia gunia la mahindi nyuma ya lori.

Kuhusu vituo, chagua vitatu tu. Cha kwanza kiwe Tukuyu, wiki tatu, na najua utacheka kwa kuwa Tukuyu si safari kwa mtu wa Iringa. Lakini hapo uko ndani ya nchi, husomi tarehe za muhuri wa pasipoti, na utagundua mapema kama begi lako ni zito mno na kama unaweza kuvumilia kuwa peke yako jioni. Kitu kikikosekana, mimi niko umbali wa saa mbili kwa gari. Cha pili kiwe Mzuzu, kaskazini mwa Malawi, wiki nane. Mji huo uko juu, kiasi cha mita 1,250, una soko kubwa, na baridi yake ya Juni na Julai haitakushangaza. Kutoka huko Nkhata Bay ni kama kilomita 50 tu, kwa hiyo ziwa unaweza kulifuata na kurudi bila kuhamisha begi. Cha tatu kiwe Chipata, upande wa mashariki wa Zambia, wiki nne, kisha urudi kwa kupitia Lusaka na Tunduma. Njia hii ni mduara; hurudii barabara uliyopita mpaka ufike tena Uyole.

Sasa nije kwenye siku za kukaa, ambako nadhani mpango wako una kasoro kubwa zaidi. Wewe umezoea Kenya na Uganda, ambako raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kupewa hadi miezi sita mpakani, kwa hiyo hujawahi kulazimika kuhesabu. Malawi na Zambia hazimo katika Jumuiya hiyo. Ni kweli Mtanzania haombi viza kwenda nchi hizo mbili, ila kutoombwa viza si kuruhusiwa kukaa utakavyo. Huko Malawi unapewa siku 30 mwanzoni, na unaweza kuongezewa katika ofisi ya uhamiaji kwa kulipia, hadi zifike 90. Zambia nako mgeni wa matembezi huanza na siku 30, na jumla yake yote haipaswi kuzidi 90 ndani ya miezi kumi na miwili. Ile hila uliyoitaja, ya kuvuka mpaka na kugeuka ili kupata muhuri mpya, haisaidii panapohesabiwa jumla, na hata pengine ofisa akiona mihuri ya kutoka na kuingia ya siku moja ana haki ya kukuuliza unatafuta nini.

Tena siku 30 si mwezi. Siku ya kuingia yenyewe ni siku ya kwanza. Tuseme umevuka mpaka wa Kasumulu tarehe 22 Juni: Juni inakupa siku tisa, hivyo siku yako ya thelathini ni tarehe 21 Julai, wala si 22. Usisubiri hiyo 21. Nenda ofisi ya uhamiaji Mzuzu wiki moja kabla, siku ya kazi, asubuhi, ukiwa na fedha za nchi ile, na kabla hujaondoka dirishani soma tarehe waliyoandika na udai risiti. Ukiongezewa siku 30 nyingine unafika 20 Agosti. Kwa mpango wangu unatoka Malawi tarehe 17 Agosti na siku tatu zinabaki mkononi, kwa sababu basi huharibika na homa haina kalenda. Ukiingia Zambia siku hiyo hiyo ya 17, siku ya thelathini ni 15 Septemba. Ukivuka Tunduma tarehe 14, huhitaji kuongeza siku kabisa.

Naomba nikueleze jambo lililonipata, kwa kuwa ni dogo na linaweza kukupata. Mpakani ofisa aliniuliza, kwa upole tu, nakwenda kukaa muda gani. Nami kwa kutaka kuonekana mtu asiye na makuu nikajibu, "Wiki mbili tu, kaka." Akagonga muhuri, nikashukuru, nikaenda kubadilisha fedha. Siku ya kumi na tatu, Mzuzu, mama mwenye nyumba alikuwa anajaza daftari la wageni, akainua pasipoti yangu kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza kwa nini nimelipa mwezi mzima ilhali kesho ndiyo siku yangu ya mwisho. Ndani ya ule muhuri kulikuwa na namba 14, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, ndogo kama mbegu ya ulezi. Ofisa hakunikosea, aliandika nilichosema. Kwa hiyo ukiulizwa, taja mpango wako wote na mahali utakapofikia, kisha fungua pasipoti papo hapo na utafute namba hiyo. Kumbuka pia kwamba saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, jambo ambalo linakufaa wakati wa kwenda na linakuponza wakati wa kurudi.

Umeuliza pia kuhusu kuchoka, nami sizungumzii uchovu wa mwili, ambao unaisha kwa kulala. Kuna uchovu mwingine, na kwangu ulikuja wiki ya tisa. Nilikuwa nakula chipsi mayai asubuhi na jioni kwa kuwa sikutaka kuuliza chakula kingine kinaitwaje. Niligombana na kondakta kwa ajili ya chenji ndogo ambayo nyumbani nisingeitazama. Nilipofika mahali papya sikufungua begi; nguo nilizitoa moja moja kama mtu anayetaka kukimbia. Hili la begi ndilo dalili ninayoiamini zaidi. Ukiona wiki imepita nalo limefungwa, usiongeze mji wowote, hata kama umeshalipa nauli.

Kilichoniponya ni kukaa, wala si kutembelea kivutio kingine. Nilinunua maandazi kwa mama mmoja kila asubuhi mpaka akawa ananiuliza usingizi wangu, na kwa muda wa siku kumi sikwenda popote pasipofikika kwa miguu. Ndiyo maana napendekeza wiki ya kwanza katika kila kituo isiwe na matembezi yoyote: fua, tafuta soko, lala mchana. Ndiyo maana pia nakurudisha katikati ya Septemba ingawa likizo yako inaisha mwishoni. Hizo wiki mbili nimeziacha wazi katika hesabu yangu kwa makusudi, za kukaa kwenu Kihesa kabla hujasimama tena mbele ya darasa. Najua utanibishia hapo, na fedha zikibaki utataka kuzitumia Livingstone. Mimi sikubaliani nawe, lakini likizo ni yako.

Angalia pasipoti yako leo kama ina zaidi ya miezi sita kutoka Oktoba na kurasa tupu zisizopungua nne, kisha unijulishe kabla ya Pasaka. Yule mzee wa Tukuyu mwenye chumba chenye jiko amesema atanishikia kuanzia tarehe 1 Juni nikimpa neno mapema. Njoo na sweta lile zito, kwa kuwa mwezi huo huko mvua inakuwa haijakata tamaa bado.

Wasalimie mama na watoto wa dada.

Ni mimi rafiki yako,
Tumaini