Picha mbili, niweke ipi mbele?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34 na natafuta mchumba kupitia programu ya simu. Wanawake wawili niliofika nao mbali kidogo kwenye mazungumzo waliniambia jambo lilelile, kila mmoja kwa wakati wake: walisita kunijibu kwa sababu kwenye picha nilionekana mtu wa kuringa. Wanaonifahamu wanajua siringi. Kwa hiyo nimeamua kubadilisha picha ya kwanza, ile inayoonekana kabla mtu hajasoma neno lolote, na nimebaki na mbili ambazo siwezi kuamua kati yake.

Ya kwanza ni selfi. Nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, nimenyoa vizuri, midomo imefumbwa kwa tabasamu dogo. Simu niliishika usawa wa kifua, nikainua kidevu, na taa ilikuwa darini juu ya kichwa changu. Ya pili alinipiga dada yangu tukiwa tumekaa karibu na dirisha. Nacheka kweli, meno yote nje, mwanya unaonekana, na ukosi wa shati umekunjika upande mmoja. Tatizo lake ni kwamba simwangalii mtazamaji. Namwangalia dada, ambaye alikuwa ameshika simu pembeni ya uso wake.

Mimi naipenda selfi, dada anasema niitupe. Nilipoiangalia kwa makini nikagundua sababu moja ya kuipenda. Nina kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, na kwenye selfi liko upande uleule ninaouona kwenye kioo kila asubuhi, kwa kuwa simu yangu huhifadhi selfi kama kioo. Kwenye picha ya dada kovu limehamia upande wa pili, ndiyo maana sura ile naiona ngeni. Lakini watu wengine wote hunifahamu kwa sura hiyo ya pili, kwa hiyo mazoea yangu ya kioo hayawezi kuamua jambo hili.

Kisha nikafanya jaribio. Nilifunika midomo kwa kidole gumba, nikabakiza macho tu. Kwenye selfi macho hayana habari na tabasamu lililo chini yake. Ungeweza kudhani nasubiri kupigiwa picha ya kitambulisho. Kwenye ya pili mashavu yamepanda, kope za chini zimejikunja, na pembeni mwa macho kuna mikunjo. Hata bila mdomo unajua huyu mtu anacheka. Nikazipunguza zote mbili hadi ukubwa wa stempu, kama zinavyoonekana kwenye orodha. Kwenye selfi, ile taa ya darini iliacha vivuli viwili vyeusi mahali pa macho, na kidevu kilichoinuliwa kinafanya nionekane namtazama mtu kutoka juu. Tena pua imekuwa kubwa kuliko ilivyo, maana simu ilikuwa karibu sana na uso. Dada alikaa kama mita moja na nusu, na hapo uwiano wa uso ni wangu halisi.

Kwa maelezo hayo ungedhani nimeshaamua, Shangazi. Kilichonirudisha nyuma ni marafiki. Niliwauliza ipi nzuri, karibu wote wakachagua selfi. Nilipobadilisha swali nikawauliza, "Ungepotea njia, ungemuuliza yupi kati ya hawa?" wengi wakahamia kwa anayecheka. Sasa sijui nifuate jibu lipi, kwa sababu natafuta mtu wa kunipenda, siyo wa kuniuliza njia. Na wote hao wananijua, wanaona tabia yangu ndani ya picha hata kama haimo. Nilisoma kuhusu utafiti uliofanyika Australia, ukachapishwa mwaka 2017, ulioonyesha kwamba picha za wasifu zilizochaguliwa na watu wasiomjua mwenye picha zilimpa sifa nzuri zaidi kuliko alizojichagulia mwenyewe. Mimi sina wageni wa kuwauliza bila kuona aibu.

Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza, yale macho yanayoangalia pembeni: je, mwanamke anayeiona picha ile kwa mara ya kwanza atahisi anakaribishwa kwenye furaha hiyo, au atahisi kuna mtu mwingine ninayecheka naye na yeye hahusiki? Pili, dada yuko tayari kunipiga upya hapohapo dirishani, safari hii akiweka simu mbele ya uso wake ili macho yangu yaingie kwenye lenzi. Hofu yangu ni kwamba nikijua napigwa nitakaza uso na kurudi kwenye tabasamu la selfi. Je, nijaribu, au niweke ya dirishani kama ilivyo na selfi ifuate nyuma yake?

Ni mimi msomaji wako,
Mwenye Mwanya